Doa la dari: ni mabati, ni bomba, au ni mvuke?



Mwezi huu tumeona tuandike juu ya jambo linalowasumbua ndugu zetu wengi waliopanga vyumba Kampala: doa la maji kwenye dari. Doa likitokea, swali linalofuata haraka ni nani alipe. Kama ni mabati yanavuja au bomba limepasuka, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Lakini ikisemwa kwamba ni mvuke wa sufuria, basi mpangaji ndiye ananyoshewa kidole, na mara nyingine anaambiwa atafute kwingine. Kwa hiyo kujua maji yametoka wapi si mchezo. Chumba chenyewe kinaweza kupotea kwa sababu ya jibu hilo.

Sisi tunakaa hapa Nakivale, ila binti yetu na mume wake wanaishi Kampala, upande wa Nsambya, pamoja na watoto watatu. Wamepanga vyumba viwili katika nyumba ndefu ya vyumba vya mstari, ile ambayo watu wa Kampala huita mizigo. Binti yetu anachemsha maharage na kuyauza jioni kando ya njia. Hiyo biashara ndiyo inalipa kodi na karo. Mmoja wetu, yaani baba wa nyumba, alifanya kazi ya kupiga mabati kwa miaka mingi huko Bukavu kabla hatujakimbia. Ndiyo maana mwezi wa saba picha ya dari ilipoingia kwenye simu yetu, ilikuja na ujumbe mfupi: "Papa, mwenye nyumba anasema ni mvuke wa maharage yangu. Anasema niache kupika au nihame mwisho wa mwezi. Angalia, ni kweli?"

Tulikaa na ile picha jioni nzima. Tungependa kuwaeleza tulivyofanya, hatua kwa hatua, kwa sababu mtu yeyote anaweza kufanya hivyo hivyo na kalamu ya risasi na daftari.

Picha inasema nini, na haisemi nini

Dari yenyewe ilikuwa ya mbao nyembamba zilizopakwa rangi nyeupe, zimepigiliwa chini ya paa la mabati. Kwenye picha kulikuwa na doa la kahawia, kama rangi ya chai kavu. Halikuwa jeusi katikati. Katikati lilikuwa limefifia, na kandokando lilikuwa na mstari mweusi zaidi. Tena haukuwa mstari mmoja. Tulihesabu mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kama duara za shina la mti. Zaidi ya hapo, kwenye kona ya chumba, mbali na doa, tuliona vidoti vidogo vyeusi vilivyotawanyika.

Tulimwomba atume picha nyingine mbili. Ya kwanza, aweke kiberiti karibu na doa ili tuone ukubwa wake. Ya pili, asimame mlangoni apige chumba chote, tuone doa liko wapi kati ya ukuta, dirisha, balbu na mahali pa sigiri. Picha ya karibu peke yake inadanganya. Doa la kiganja na doa la sinia yanafanana kama hakuna kitu cha kulinganisha.

Zilipofika tukaona kwamba doa lina upana wa sahani kubwa, liko karibu na ukuta wa nyuma, hatua mbili kutoka kwenye balbu. Hapo tulimwambia kwanza asiwashe taa ile mpaka tujue, kwa maana maji hufuata waya vilevile kama yanavyofuata mbao. Tukamwambia pia aguse doa kwa vidole. Hilo picha haiwezi kulisema kamwe: je, limelowa sasa hivi, au ni alama ya maji yaliyokwisha kukauka? Akajibu kwamba asubuhi lilikuwa na unyevu, jioni lilikuwa kavu.

Sasa ile mistari mitatu. Maji yakipita juu ya mabati yenye kutu, juu ya vumbi na mbao, yanabeba rangi. Yakifika kwenye dari yanasambaa, halafu yanaanza kukauka, na rangi inasukumwa pembeni na kubaki pale. Ni kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza: ikikauka, ukingo ndio unakuwa mweusi. Kila mara maji yakija tena na kukauka tena, mstari mwingine unazaliwa. Kwa hiyo mistari mitatu inatuambia kwamba maji yalikuja kwa vipindi, si chini ya mara tatu, na katikati yake dari ilipata nafasi ya kukauka.

Bomba la maji lenye ufa mara nyingi halifanyi hivyo. Bomba la presha linavuja usiku na mchana, basi doa linabaki limelowa, linaendelea kuwa kubwa polepole, na mbao za dari zinaanza kulegea na kushuka kama tumbo. Mvuke nao una sura yake. Lakini huu mvuke unastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu ndio uliokuwa mashtaka.

Mvuke: nyinyi mnaujua kutoka kwenye turubai

Wengi wetu tulipofika hapa tulilala chini ya turubai. Mnakumbuka asubuhi, hasa asubuhi za kiangazi wakati mvua haijanyesha wiki nzima, mtu anaamka na matone yanamwangukia usoni. Watoto walikuwa wanasema turubai imetoboka. Haikutoboka. Ni pumzi zetu wenyewe na mvuke wa sufuria ya jioni.

Hewa ya moto inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Ikigusa kitu cha baridi, inayaacha pale. Bati na turubai hupoa haraka usiku, maana hutoa joto lao kuelekea angani. Usiku usio na mawingu, bati linaweza kuwa la baridi kuliko hewa yenyewe iliyolizunguka. Usiku wa mawingu halipoi hivyo, kwa sababu mawingu ni kama blanketi. Ndiyo sababu matone ya mvuke yanakuja zaidi katika usiku wa nyota nyingi, karibu na alfajiri, wala si wakati wa mvua.

Tupige hesabu kidogo. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha mita mbili na nusu, hewa yake yote ikiwa na joto la digrii 25 inaweza kubeba karibu nusu lita ya maji tu. Sufuria kubwa ya maharage ikichemka masaa matatu bila kifuniko inaweza kupoteza lita nzima na zaidi. Hayo yanayozidi lazima yaende mahali. Yanapita kwenye mianya ya dari, yanakutana na bati baridi, yanageuka kuwa matone.

Kwa hiyo mwenye nyumba hakusema jambo la kipumbavu. Ilikuwa mwezi wa saba, Kampala ilikuwa kavu, usiku ulikuwa na baridi na anga safi. Ni majira yenyewe ya mvuke. Tena alikuwa na hoja nyingine mbili. Alisema, mvua haijanyesha siku nyingi, basi si bati. Akasema, juu ya dari hakuna bomba hata moja, mabomba yote yanapita ukuta wa nje. Na kuhakikisha, alimwita mume wa binti yetu mchana, wakafunga mifereji yote ya wapangaji, wakaangalia mita. Kile kijigurudumu kidogo cha kwenye uso wa mita kilikuwa kimesimama kabisa. "Unaona ssebo," akasema, "hakuna maji yanayopotea. Ni maharage."

Ukisikiliza hivyo, unaona imekwisha. Si mvua, si bomba, basi imebaki mvuke.

Lakini sura ya doa ilikataa. Mvuke haujui kuchagua mahali pamoja penye ukubwa wa sahani. Unashika bati lote, halafu matone yanateleza kufuata mteremko mpaka yanagonga ubao unaobeba mabati, na hapo ndipo yanaanguka. Kwa hiyo alama zake huwa nyingi na ndogo, mara nyingi zimepangana kwenye mstari chini ya ule ubao. Au inakuwa ukungu, vidoti vyeusi kwenye kona ambako hewa haizunguki. Tena maji ya mvuke hayana rangi yake, ni safi kama maji ya kuchemsha yaliyopozwa, ingawa yanaweza kuchukua rangi kidogo yakipita kwenye vumbi. Doa moja lenye mistari mizito ya kahawia linaonyesha maji mengi, yaliyotiririka mahali pachafu, yakaingia kwa njia moja.

Hapo tukawa na kitendawili. Doa lina sura ya bati linalovuja, na mvua hakuna.

Kalamu ya risasi na daftari

Tulimwambia binti yetu asibishane na mwenye nyumba kwa maneno. Achukue kalamu ya risasi, apande kwenye stuli, achore mstari kufuata ukingo wa nje wa doa, na aandike tarehe pale pale kwenye dari. Kila asubuhi aangalie. Doa likivuka mstari, achore mwingine. Na kwenye daftari aandike mambo matatu ya usiku uliopita: je, mvua ilinyesha? Je, walipika ndani? Je, maji ya mfereji yalirudi?

Hilo la tatu linahitaji maelezo kwa wasiokaa mjini. Maji ya Kampala yanatoka ziwa Viktoria, yanasafishwa na shirika la taifa la maji, halafu yanasukumwa kupanda vilima. Mitaa iliyo juu, na siku ambazo watu wengi wanatumia, presha inashuka. Mchana unaweza kufungua mfereji ukasikia upepo tu. Usiku watu wakilala, maji yanarudi, tena kwa nguvu. Kwa hiyo wenye nyumba wengi wameweka tangi la plastiki juu, karibu na paa, lijae usiku na wapangaji watumie mchana. Kwenye nyumba ya binti yetu tangi liko nyuma, juu ya nguzo za chuma, limeinuka kidogo kupita paa.

Ndipo tukauliza swali juu ya ile mita: siku mliyoiangalia, mlifungua kwanza mfereji unaotoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, mkaona maji yana nguvu? Mkwe wetu akasema hapana, mchana ule maji yalikuwa hayapo, walikuwa wanatumia ya tangi. Basi jaribio lile halikuwa na kazi. Mita inahesabu maji yanayoingia kutoka mtaani. Kama mtaani hakuna maji, mita itasimama hata bomba likiwa limekatika vipande viwili. Kulijaribu vizuri, ngojeni maji yawepo na tangi liwe limejaa, fungeni mifereji yote, halafu mwangalie kijigurudumu kwa dakika kumi na tano. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia, maji yanapotea mahali.

Siku kumi na mbili daftari liliendelea. Mvua: hakuna hata siku moja. Kupika ndani: usiku tano, siku nyingine alipikia barazani. Maji kurudi usiku: mara tatu. Hilo alilijua kwa jirani anayeuza chapati, ambaye huamka saa kumi usiku kujaza jerikani zake na kukanda unga.

Na doa? Lilivuka mstari mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa ni asubuhi baada ya maji kurudi. Katika zile usiku tano za kupika ndani, ni moja tu iliyoangukia siku doa lilipokua. Nyingine nne, doa halikusogea hata unene wa kucha.

Usiku mmoja ulimaliza mabishano. Familia nzima ilikwenda matangani kwa jamaa huko Makindye, wakalala huko. Mlango ulifungwa tangu saa tisa mchana. Hakuna sufuria, hakuna sigiri, hakuna hata pumzi ya mtu chumbani. Waliporudi asubuhi, doa lilikuwa limelowa na limevuka mstari kwa vidole viwili. Jirani wa chapati akasema ndiyo, maji yalirudi, tena kwa nguvu sana.

Maji yalipita njia gani

Sasa tulijua lini. Ilibaki kujua wapi. Kilima cha Nsambya kilitusaidia. Nyumba ya jirani wa juu inaangalia paa la nyumba ya binti yetu kama mtu anavyoangalia meza. Mkwe wetu aliomba ruhusa, akasimama pale uani, akapiga picha ya paa akatutumia. Huo ndio msaada mkubwa wa picha: unaweza kuona paa bila kupanda. Na tunawaomba, msipande juu ya mabati ya zamani, hasa yakiwa na umande. Yanateleza, na bati jembamba lililokula kutu halimbebi mtu.

Picha ilionyesha paa la rangi ya vumbi, na juu yake mstari mmoja tofauti, mwembamba, kahawia katikati na kijani pembeni. Ulianzia pale mdomo wa bomba fupi linalotoka juu ya tangi ulipoelekea, ukashuka kwenye bonde la bati mpaka chini. Kijani hicho ni ukoga. Ukoga hauoti juu ya bati la jua kali mwezi wa saba isipokuwa pale panapolowa mara kwa mara.

Bomba lile fupi ni la kumwagia. Ndani ya tangi kuna koki yenye boya. Maji yakipanda, boya linapanda, koki inajifunga. Mpira wa ndani ya koki ukichakaa, au boya likijaa maji na kuzama, koki haifungi. Tangi linajaa, maji yanatafuta njia, yanatokea kwenye bomba la kumwagia. Bomba hilo lingepaswa kushuka mpaka chini, pembeni ya paa, ambapo kila mtu angeona maji yanamwagika na kupiga kelele. Hapa lilikatwa fupi. Likawa linamwaga juu ya mabati, usiku, watu wamelala, na alfajiri jua likikausha yote.

Lakini bati zima halivuji kwa kumwagiwa maji. Lazima kuwe na tundu. Misumari ya mabati hupigwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni, ili maji yapite chini yake, na chini ya kofia ya msumari huwekwa mpira. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, miaka na miaka. Msumari unalegea, mpira unapasuka kwa jua. Tena kwenye ule mstari wa ukoga tuliona kichwa cha msumari uliopigwa bondeni kabisa. Wakati wa mvua ya kawaida maji kidogo hupita pale. Lakini tangi likimwaga masaa manne au matano mahali pamoja, msumari ule unakuwa mfereji.

Kitu kimoja kiliwashangaza: msumari ulikuwa mbali na doa, karibu mita moja na nusu juu yake kwenye mteremko. Ndivyo ilivyo. Maji yakiingia hayaanguki moja kwa moja. Yanashika chini ya bati au ubavu wa mbao, yanateleza mpaka yakute fundo, msumari au mahali ubao unapoungana, ndipo yanadondoka. Doa ni mahali maji yalipochoka kutembea. Mlango walioingilia utafuteni kila mara upande wa juu wa mteremko.

Usiku uliofuata ambao maji yalirudi, mkwe wetu aliamka saa kumi na tochi, akachukua video: maji yanatiririka kutoka bomba la kumwagia, yanapiga bati. Hapo wakaenda kwa mwenye nyumba pamoja na daftari, picha ya paa na ile video, mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi. Hawakumtaja mtu kuwa mwongo. Walisema tu, ssebo, tunaomba uangalie hizi tarehe.

Mwenye nyumba aliziangalia kimya. Kilichomgusa kabisa, tunafikiri, ni kwamba maji yanayomwagika usiku yalipita kwenye mita yake, na bili alikuwa akiilipa yeye. Siku ya tatu alileta fundi. Koki ya boya ikabadilishwa, bomba la kumwagia likaongezwa mpaka chini pembeni ya ukuta, msumari wa bondeni ukang'olewa na tundu kuzibwa, na mwingine ukapigwa juu ya mgongo na mpira mpya. Habari ya kuhama haikutajwa tena.

Ila alikuwa na haki kidogo. Alisimama kwenye kona, akaonyesha vile vidoti vyeusi, akasema: "Na hivi?" Hivyo vilikuwa vya mvuke kweli. Viko upande wa sigiri, havina mistari ya kahawia, havikufuata siku za maji. Binti yetu alivifuta kwa maji ya sabuni, na sasa anafunika sufuria, anaacha dirisha wazi, na siku nyingi anapikia barazani. Dirisha lilikuwa la lazima hata bila doa, kwa sababu moshi usioonekana wa makaa katika chumba kilichofungwa unaua watu usingizini.

Hivyo dari moja inaweza kuwa na magonjwa mawili. Ukipata jibu la doa moja, usilipake juu ya mengine yote.

Kama doa lenu linafuata mvua

Hapa kambini, na Kampala wakati wa mvua kubwa za mwezi wa tatu hadi wa tano, na tena wa tisa hadi wa kumi na moja, mara nyingi jibu litakuwa ni bati. Hata hapo daftari linasaidia. Andikeni si mvua tu, bali mvua ya namna gani. Doa linalokua kila mvua, hata ya manyunyu, linaonyesha tundu au msumari. Doa linalokua tu siku za mvua ya upepo, tena upepo wa upande mmoja, linaonyesha mahali bati moja linapolalia lingine, au pale bati linapokutana na ukuta. Upepo unasukuma maji kupanda chini ya lile bati la juu, hasa paa likiwa halina mteremko wa kutosha.

Matundu mnaweza kuyaona bila kupanda. Saa sita mchana, jua likiwa kali, fungeni mlango na madirisha, mwangalie juu kama hakuna dari. Tundu la msumari linang'aa kama nyota. Kama hamwoni nyota yoyote na bado panavuja, basi fundi amwagie paa maji kwa ndoo, akianzia chini kwenye ukingo na kupanda polepole, huku mtu mwingine akiwa ndani anatazama. Akianzia juu, maji yatapita kila mahali na hamtajua ni wapi yameingia.

Na msikimbilie kupaka rangi. Rangi ya maji ikipakwa juu ya doa la kahawia, doa linarudi kutokea juu yake baada ya siku chache. Acheni dari ikauke kabisa, pakeni kwanza rangi ya mafuta juu ya doa, ndipo rangi ya kawaida. Lakini kabla ya hapo, achoreni mstari wa mwisho na tarehe, mngoje. Kama ni bati, ngojeni mvua tatu kubwa. Kama ni tangi, ngojeni lijae mara tatu. Mstari usipovukwa, hapo kazi imekwisha kweli.

Kwa binti yetu tangi limejaa mara nyingi tangu siku ile, na mvua za mwezi wa tisa zilikuja zikapita. Mwenye nyumba ndiye aliyenunua rangi.

Walio na ndugu mjini wenye shida kama hii, waambieni watume picha tatu: doa lenye kiberiti kando yake, chumba kizima kutoka mlangoni, na paa kutoka nje. Pamoja na picha waandike limelowa saa ngapi na limekauka saa ngapi. Bila hayo masaa, hata fundi mzuri anabahatisha.